Maneno 500 ya kuomba ufadhili: Usikate ushahidi ukaacha methali

Aliyesomea shule za Kenya amefunzwa kuogopa uchache wa maneno. Katika karatasi ya Insha ya KCSE, maagizo humwambia mtahiniwa kwamba insha yake isipungue maneno 400. Kwa hivyo tangu darasani tumezoea kutafuta namna ya kurefusha: methali hapa, tashbihi pale, salamu za wahenga, na jua lililochomoza kwa madaha. Halafu siku moja mhitimu wetu anafungua fomu ya kuomba ufadhili wa masomo na kukuta agizo la kinyume kabisa: maneno yasizidi 500. Alifunzwa sakafu, sasa anaulizwa dari.

Hapo ndipo wengi huanguka, na mara nyingi si kwa kukosa sifa. Wanakuwa na maelezo binafsi ya maneno 1,000, mazuri kiasi, waliyoyaandika kwa ajili ya ufadhili mwingine. Wanayapunguza usiku mmoja kabla ya tarehe ya mwisho. Wanachobakisha ni mapambo, na wanachokitupa ndicho kingewapa nafasi. Leo nataka tuutazame upunguzaji huo kama tunavyohakiki kazi yoyote ya maandishi: nini kimekatwa, nini kimeachwa, na kwa nini.

Mfano nitakaoutumia nimeuunda mwenyewe kwa kufuata sura ya maelezo mengi ambayo nimeyasoma, ili nisimwanike mtu hadharani. Tuseme mwombaji wetu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huko Murang'a. Anaomba kugharimiwa shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili. Amegundua kwamba wanafunzi wake huchanganya herufi l na r wanapoandika. Jambo lenyewe si geni, maana alfabeti ya Gikuyu haina herufi l, na kila mmoja wetu amewahi kusikia mzaha wa kula na kura. Lakini mwalimu huyu hakuishia kwenye mzaha. Alianza kuchunguza.

Maelezo yake marefu yalikuwa na maneno 1,000, yaliyogawika hivi: utoto wake na mapenzi yake kwa Kiswahili, maneno 240, vyeti na alama, 180, kazi ya ualimu kwa jumla, 220, uchunguzi wa l na r, 120, mpango wa masomo, 110, shukrani na ahadi, 130. Alipotakiwa kufika 500, alifanya wanachofanya wengi. Aliuanzia mwanzo, akasita kuugusa kwa kuwa anaupenda, kisha akazikata kwa ukali zaidi sehemu zilizofuata. Matokeo: utoto 190, vyeti 90, ualimu 110, uchunguzi 27, mpango 28, shukrani 55.

Hebu tazama hesabu hiyo tena. Utoto umepoteza maneno 50 tu. Uchunguzi na mpango, ambavyo pamoja vilikuwa na maneno 230, vimebaki na 55. Mwalimu anaamini amepunguza maelezo yale yale. Kwa kweli ameandika maelezo mengine, ya mtu mwingine ambaye anapenda lugha na ana vyeti, basi. Na watu wa namna hiyo ni wengi mno katika rundo la maombi.

Sasa tuingie ndani ya sentensi zenyewe. Mwanzo alioukumbatia ulisema hivi:

"Tangu nikiwa mtoto mdogo kijijini, nilikuwa na mapenzi makubwa sana ya lugha ya Kiswahili, lugha ambayo ni hazina na fahari ya Waafrika wote. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama nikakitafuta Kiswahili kwa udi na uvumba."

Hayo ni maneno 40. Katika insha ya shule yangepata alama ya mtindo. Mbele ya jopo la uteuzi yana kasoro moja kubwa: mwombaji yeyote wa Kiswahili, kutoka kaunti yoyote, angeweza kuyatia sahihi. Hayatuelezi kwa nini mtu huyu anataka masomo haya sasa. Mapenzi si msukumo. Msukumo ni kile kilichomfanya mtu ashindwe kuendelea na kazi kama kawaida mpaka apate jibu fulani. Na mwalimu wetu alikuwa nacho, ila alikuwa amekizika katika aya ya nne ya maelezo marefu. Tukikifukua, mwanzo unakuwa hivi:

"Mwaka wangu wa pili kazini, mwanafunzi aliyesoma kwa sauti bila kosa aliandika 'kurara' badala ya 'kulala' mara nne katika insha moja. Nilitaka kujua kwa nini mkono ulikosea pale ulimi ulipopatia."

Maneno 30. Tumeokoa kumi, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba sasa pana swali. Msomaji aliyechoka, mwenye mafaili mengi mezani, anataka kujua jibu. Na swali hilo litakuwa uzi wa kushonea kila kinachofuata.

Tuje kwenye ushahidi. Baada ya kukata, mwalimu alibaki na sentensi hii ya maneno 27:

"Katika kipindi changu chote cha ualimu nimejitolea kwa dhati kufanya utafiti mbalimbali kuhusiana na makosa ambayo wanafunzi wangu wamekuwa wakiyafanya, na matokeo yake yamekuwa ya kuridhisha sana."

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Mtu akibanwa na kikomo, huyageuza mambo mahususi kuwa muhtasari, akidhani muhtasari ni mfupi. Si kweli. Utafiti gani? Makosa yapi? Nani aliridhika? Sentensi imejaa sifa ambazo mwandishi anajipa mwenyewe, na jopo halina njia ya kuzipima. Linganisha na maneno yake ya awali, aliyoyatupa:

"Nilikusanya insha 84 za kidato cha pili kwa mihula miwili, nikaorodhesha kila neno lililochanganya l na r, kosa lilitokea katika insha 61."

Hesabu: maneno 22. Ukweli mahususi ni mfupi kuliko majigambo, tena unabeba mzigo mkubwa zaidi. Unaonyesha kwamba mwombaji anajua kukusanya data, ana subira ya mihula miwili, na anajua tofauti kati ya kuona kosa na kulihesabu. Hakuna haja ya kuongeza kwamba yeye ni "mchapakazi mwenye ari ya utafiti". Insha 84 zimekwisha kusema hivyo kwa niaba yake.

Kisha kuna sentensi nyingine ambayo mwalimu aliifuta kwa hofu, kwa sababu iliungama kwamba jaribio lake halikufaulu sawasawa: "Zoezi la imla la kila Ijumaa lilipunguza kosa katika maneno tuliyoyarudia, si katika maneno mapya." Maneno 15. Kwangu mimi hii ndiyo sentensi ya thamani kuliko zote katika maelezo yake. Inatuambia kwamba wanafunzi walikariri tahajia ya maneno fulani bila kujifunza kutofautisha sauti au herufi zenyewe. Inatuambia pia kwamba mwalimu amefika mwisho wa kile anachoweza kukifanya kwa chaki na imla. Ndiyo maana anahitaji kurudi chuoni. Ukiiondoa, daraja kati ya ushahidi na mpango linavunjika, na ombi lake la masomo linakuwa la kutaka cheti tu.

Na mpango je? Toleo lililokatwa lilisema: "Nikipata ufadhili huu nitasoma kwa bidii na kuzama katika fani ya isimu ili nipate ujuzi utakaonisaidia kuikuza na kuiendeleza lugha ya Kiswahili nchini, Afrika Mashariki na duniani kote." Maneno 28, na mpango haumo. Kusoma kwa bidii ni wajibu wa kila mwanafunzi. Kuikuza lugha duniani kote ni kazi ambayo hakuna shahada ya miaka miwili inayoweza kuiahidi. Mpango ni jambo linaloweza kushindikana: lina hatua, lina mahali, lina muda. Huu hapa wa mwalimu, ukirudishwa mahali pake:

"Mwaka wa kwanza nitasoma fonetiki na mbinu za utafiti, wa pili nitawapima wanafunzi wa shule mbili kwa kusikiliza, kutamka na kuandika jozi kama 'kula' na 'kura', ili nijue kosa linaanzia sikioni, ulimini au katika kumbukumbu ya tahajia."

Maneno 37. Naam, umerefuka kwa maneno tisa, na hapo pana funzo ambalo watu hulisahau: kupunguza maelezo si kupunguza kila sehemu. Kuna sehemu ambazo lazima zirefushwe ndipo maelezo mazima yaweze kuwa mafupi. Ushauri unaosikika sana, kwamba ukitakiwa nusu basi kata kila aya nusu, ni ushauri mbaya. Unayachukulia maneno yote kana kwamba yana uzito sawa, na unamwachia msomaji sehemu sita zilizonyauka badala ya tatu zenye uhai.

Kwa hivyo mgawanyo ninaoupendekeza kwa mwalimu wetu ni huu: msukumo maneno 90, ushahidi 190, mpango 170, na 50 za mwisho kueleza kitakachotokea darasani na kwa walimu wenzake baada ya masomo. Jumla 500. Vyeti na alama vimeondoka kabisa, kwa kuwa nakala za matokeo zinaambatishwa kwenye fomu na jopo lina macho. Utoto umeondoka. Ualimu haukuondoka; umeingia ndani ya ushahidi, kwa maana insha 84 haziwezi kukusanywa na mtu asiyefundisha.

Wanafunzi huniuliza hapa, "Profesa, si nitaonekana sina adabu nikiondoa shukrani?" Swali ni la haki, maana sisi tumelelewa kuomba kwa unyenyekevu. Jibu langu ni kwamba adabu ya maandishi ya aina hii ni kutompotezea msomaji wakati. Shukrani weka katika barua pepe ya kuwasilisha maombi, kama ipo. Swali la pili huwa gumu zaidi: "Na dhiki niliyopitia je?" Hapa sitoi amri moja. Kuna ufadhili unaotolewa kwa kuangalia uhitaji, na huo aghalabu huwa na nafasi yake ya kueleza hali ya familia. Kama nafasi hiyo ipo, usiirudie dhiki katika maelezo. Kama haipo, iache ibaki pale tu inapolifafanua jambo jingine, kwa mfano pengo la miaka miwili kati ya shahada na kazi. Sentensi moja inatosha.

Vilevile angalia fomu inauliza nini kabla hujashika kalamu. Ufadhili wa Fulbright kwa wanafunzi wa kigeni, kwa mfano, huomba insha mbili tofauti: moja kuhusu lengo la masomo au utafiti, nyingine kuhusu mwombaji mwenyewe. Ukiwa na insha mbili kama hizo, mpango wako una nyumba yake, na kuurudia katika insha ya pili ni kuishi kwa kodi mara mbili. Fomu yenye kisanduku kimoja ndiyo inayokudai uvifunge vitu vitatu kwa kamba moja.

Mpaka hapa sijasema lolote kuhusu kubana sentensi, na nimefanya hivyo makusudi. Kubana huja mwisho, baada ya kuchagua. Lakini kwa anayeandika kwa Kiswahili, sarufi yetu yenyewe ni msaada mkubwa. Kompyuta huhesabu maneno kwa kufuata nafasi zilizo kati yao. Kwa hivyo "nitakapowafundisha" ni neno moja, ilhali Kiingereza kingedai maneno manne au matano kusema hilo hilo. Ajabu ni kwamba waandishi wetu huikwepa neema hiyo na kuandika kana kwamba wanatafsiri.

Chukua kauli ya kutendea. "Niliandika hadithi fupi kwa ajili ya wanafunzi wangu" ni maneno manane. "Niliwaandikia wanafunzi wangu hadithi fupi" ni matano, na ndivyo Mswahili angesema. Chukua kirejeshi. "Wanafunzi ambao walikuwa wameshindwa" ni maneno manne. "Wanafunzi walioshindwa" ni mawili. "Wakati ambapo nilikuwa ninafundisha" ni manne. "Nilipokuwa nikifundisha" ni mawili. Ukipitia maelezo yako na kutafuta neno "ambaye" na jamaa zake, pamoja na "kwa ajili ya", "kuhusiana na" na "katika harakati za", utaokoa maneno kadhaa katika kila aya bila kupoteza hata wazo moja.

Lakini pana mipaka miwili. Kwanza, vitenzi vilivyorundikwa viambishi vikifuatana vitatu au vinne humchosha msomaji. Soma kwa sauti. Ukikosa pumzi, rudisha "ambaye" moja. Pili, na hili linaudhi, wapo wanaoidanganya kompyuta kwa kuunganisha maneno: "kwasababu", "kwahivyo", "kwaniaba". Hayo ni makosa ya tahajia. Fikiria mwombaji anayetaka kutafiti tahajia akikamatwa na "kwasababu" katika mstari wa tatu! Msomaji wa jopo hatasema lolote. Ataandika alama yake na kufungua faili linalofuata.

Anayeomba kwa Kiingereza naye ajihadhari. Akiandika rasimu kwa Kiswahili maneno 500 kisha aitafsiri, atajikuta amevuka kikomo, kwa sababu kila kitenzi kitajifungua na kuzaa maneno. Na baadhi ya fomu za mtandaoni hazikuonyi. Hukata maandishi pale kikomo kilipofika, na mwisho wa mpango wako unapotea bila wewe kujua. Nyingine huhesabu herufi pamoja na nafasi, si maneno. Bandika maandishi kwenye fomu yenyewe siku chache mapema uone yanaishia wapi.

Utajuaje kama upunguzaji wako umefaulu? Mimi hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni cha sahihi: kwa kila sentensi, jiulize kama mwombaji mwingine angeweza kuisema bila kudanganya. Kama angeweza, sentensi hiyo haina haki ya kukaa ndani ya 500. Utashangaa zitakavyoanguka. Cha pili ni cha mnyororo. Mpe maelezo yako mtu asiye wa taaluma yako, jirani au shemeji, ayasome mara moja kisha uyachukue. Muulize: nilitatizwa na nini? Nimefanya nini kufikia sasa? Nitafanya nini chuoni? Kisha muulize swali la nne, ambalo ndilo kipimo hasa: kwa nini hilo la tatu linafuata hilo la pili? Katika mfano wetu angejibu, "Kwa sababu imla ilisaidia maneno ya zamani tu, sasa anataka kujua tatizo linaanzia wapi." Akijibu matatu ya kwanza na kukwama kwenye la nne, una vipande vitatu vizuri visivyoshikana. Hapo usiongeze maneno. Rudi kwenye maelezo marefu utafute sentensi uliyoitupa, kwa maana mara nyingi imo humo, na mara nyingi ni ile uliyoionea haya.

Ndiyo maana naona lawama kidogo ituangukie sisi walimu wa insha. Kwa miaka mingi tumewatuza watoto kwa methali iliyopachikwa vizuri kuliko kwa jambo lililoelezwa sawasawa, kisha tunashangaa wanapoandika maombi yao kama utangulizi wa insha ya mtihani. Methali ina heshima yake, nami sitaki ifukuzwe darasani. Lakini laiti mara moja kwa muhula tungewapa wanafunzi insha yao wenyewe ya maneno 400 na kuwaambia: sasa iandikeni kwa 200, na yule msomaji asikose hata jambo moja la kweli lililokuwemo. Wangejifunza mapema ni maneno yapi yalikuwa yakifanya kazi, na yapi yalikuwa yamekuja tu kwa karamu.